Kiatu Mbele ya Kamera

Katika picha zote za harusi ya dada yangu, mimi ni mkono tu. Mkono ulioshika mwavuli, mkono uliobeba kreti ya soda, na katika ile picha kubwa ya familia nzima, mkono uliojitokeza nyuma ya kofia ya shangazi. Mpiga picha alinipanga mstari wa pili, akageuka kurekebisha kamera yake, na alipotazama tena nilikuwa nimeshachuchumaa. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, na ndevu.

Kwa hiyo mwaka huu ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu ukisema, "Tuma video ya dakika moja ujitambulishe, uso uonekane," niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena, kisha nikacheka peke yangu hadi kuku wa mwenye nyumba wakakimbia.

Ujumbe ulitoka kwa mwanamke anayeongoza kundi la watu wa Nairobi wanaopenda kutembea milimani wikendi. Mimi nilikuwa nimerudi Dundori baada ya miaka mingi ya kuhamahama, nikapanga chumba karibu na mahali nilipozaliwa, na nikaanza kuwapeleka wageni mmoja mmoja kwenye njia yetu ya zamani. Inapanda katikati ya mashamba ya viazi, inaingia msituni tulikokuwa tukitafuta kuni, inatokea ukingoni ambapo mji wa Nakuru na ziwa lake vinakaa chini yako kama vitu ulivyoangusha mfukoni. Mgeni mmoja alikuwa amemsimulia yule mwanamke, naye baada ya ujumbe ule akanipigia.

"Mko wawili mnaotaka kutuongoza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuhesabu watu kabla basi halijaondoka. "Mwenzako wa upande ule mwingine amenitumia video jana. Nawe tuma. Watu wangu wengi ni akina mama, boss. Hawaingii msituni nyuma ya mwanaume ambaye hawajamwona uso wala kusikia sauti. Alhamisi nitaweka zote mbili kwenye grupu, wachague wenyewe."

Sikuweza kumlaumu. Hata mimi nisingeingia msituni nyuma ya mkono ulioshika mwavuli.

Na niliitaka safari ile. Mimi ni mtu ambaye kila anapofika anakumbuka alikotoka. Nilipokuwa Elburgon nikipanga mbao kiwandani, nilikuwa nikiota udongo wa Dundori uliolowa. Nilipohamia Rongai kupakia mahindi kwenye malori, nilikuwa nikinusa mikono yangu nikitafuta harufu ya mbao mbichi za saipresi. Kitu kimoja tu ambacho sijawahi kukichoka ni njia ile. Nikifikiri kwamba kuna kazi ambayo mtu anapewa kwa sababu tu hawezi kutulia, na kwamba kazi hiyo inapita mbele ya boma la mama yangu, nilikuwa nakosa pumzi. Nikiikosa, kulikuwa na nafasi kwenye malori ya Rongai, na mwenye malori alitaka jibu wikendi hiyo hiyo.

Video ya kwanza niliipigia chumbani, nimefunga mlango kama mtu anayeoga. Nilisimamisha simu kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikasimama mbele ya dirisha kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, nikaongea. Nilipoitazama, dirisha lilikuwa limeng'aa vizuri kabisa na mimi nilikuwa kivuli cheusi kinachotikisa kichwa, kama wale mashahidi wanaofichwa uso kwenye habari. Niliipenda sana. Nilijua pia kwamba haitafaa.

Ya pili niligeuka nikatazamana na mwanga. Niliandika maneno kwenye karatasi, nikaibandika ukutani nyuma ya simu. Macho yangu yalikuwa yakienda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama ya mtu anayefuatilia mchezo wa tenisi huku akiomba radhi. Mwishoni simu iliteleza, na sekunde za mwisho zilikuwa za dari.

Jumatano asubuhi nilishuka Nakuru kwa dada yangu.

Dada yangu huyu, yule wa harusi, anauza viatu vya mitumba sokoni, na kila siku adhuhuri anaingia laivu kwenye simu. Anaisimamisha kwenye kigoda juu ya meza, anapiga kofi moja, na anaanza: "Wapenzi wangu! Nani alisema mguu mkubwa hauna bahati?" Watu wasiojulikana wanamtumia mioyo kutoka Naivasha, Molo, hata Saudia. Tulizaliwa nyumba moja, tukala sufuria moja. Sijui yeye alilambia wapi kile ambacho mimi sikukilamba.

Nilipomweleza shida yangu aliweka chini kiatu alichokuwa akikipiga brashi.

"Wewe? Video? Wewe uliyechuchumaa kwa harusi yangu?"

"Ndiyo mimi."

"Mama wa mapazia!" aliita jirani yake. "Kuja uone maajabu. Huyu kaka yangu anataka kuwa staa."

Mama wa mapazia ana kibanda kando ya cha dada. Ni mwanamke mpana, mcheshi, wa kwaya, na mapazia yake yananing'inia kila upande hadi ukiingia humo unajihisi uko ndani ya sketi ya jitu. Alikuja akijifuta mikono. "Staa wangu," alisema, "kwani unakimbia nini? Si ni simu tu."

Dada alinisimamisha mbele ya pazia la rangi ya maziwa. Alifuta kioo cha kamera kwa kitambaa cha kanga yake ("Kila mtu analalamika uso wake una ukungu, kumbe ni mafuta ya chapati"), akanielekezea simu, akaonyesha vidole vitatu, viwili, kimoja.

Nilivuta pumzi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bwana asifiwe."

"Amen!" akaitikia mama wa mapazia.

"Bwana asifiwe tena."

"Amen!"

"Namshukuru Mungu kwa kunipa nafasi hii ya kusimama mbele yenu. Nasalimia wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wote kwa vyeo vyao..."

Dada alishusha simu. "Viongozi gani? Chifu yuko wapi hapa?"

Mama wa mapazia alikuwa ameshikilia nguzo ya kibanda chake, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimesimama wima, mikono imekunjwa mbele, vile mtu anavyosimama akiombwa kutoa ushuhuda. Sikuwa nimepanga hata neno moja la yale. Lakini ukiangalia, watu kama sisi tunasimama mbele ya wenzetu wapi? Kanisani, matangani, na kwenye baraza la chifu. Mdomo unajua barabara hiyo moja, na ukiubebesha mzigo wowote, hata wa viatu, utaupeleka huko huko.

"Usijali," alisema dada, akifuta macho. "Mimi siku ya kwanza niliwasalimia waliosafiri na walio wagonjwa kabla sijataja bei ya sandali."

Tulirudia. Safari hii nilikaza meno nisimtaje Bwana.

"Sina mengi," nilisema.

Tukangoja. Kweli sikuwa na mengi.

Hapo dada aliniketisha juu ya gunia la viatu, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kucheka. "Sikia. Kosa lako unaanza na uso. Uso ni mtihani wa mwisho. Mimi wiki za kwanza wateja walijua kucha zangu tu. Nilikuwa nashika kiatu, nakigeuza, naongea, kamera inaangalia mikono. Mkono hauoni haya. Ukishazoea sauti yako, unapanda pole pole."

Aliniambia kuna namna tatu ambazo hata bubu anaweza. Ya kwanza ni hiyo ya kushika kitu na kukieleza. Ya pili ni kuulizwa swali na mtu aliye nyuma ya simu, unajibu, halafu sauti yake inakatwa. Ya tatu ni kutembea huku unaongea, lakini hiyo akaikataa papo hapo, kwa sababu ukingoni Dundori upepo ungemeza kila neno langu na kuacha mngurumo. "Tutachanganya mbili za kwanza. Unajua kuhusu nini?"

"Matope," nilisema.

Alinitazama. Kisha akanyanyuka, akachimba kwenye lundo la viatu, akatoka na viwili: kimoja cha mazoezi, cheupe, soli imelainika, kingine kizito, meno ya soli bado makali. Akaniwekea mikononi.

Kelele za soko zilikuwa nyingi mno, spika ya muuza dawa za panya ikiimba kwa upande mmoja na muuza nguo akipiga kengele kwa upande mwingine, kwa hiyo tulihamia ndani ya kibanda cha mama wa mapazia. Sikuwa najua kwamba pazia zito linakunywa sauti. Tulipoteremsha mapazia matatu upande wa barabara, dunia ilinyamaza, na mwanga ukaingia laini kutoka mbele tu, mahali tulipoacha wazi. Mama wa mapazia alihamisha mashuka yake kwa heshima kubwa, kama mtu anayeandaa chumba cha bwana harusi.

Dada aligeuza simu ili kamera ya nyuma ndiyo initazame. "Hutajiona. Ukijiona utaanza kutengeneza nyusi." Akaniuliza: "Haya. Nikija Dundori nivae kiatu gani?"

"Hiki."

"Hiki nini? Swali langu nitalikata, jamani. Watu watasikia 'hiki' kikitoka mbinguni. Anza na, 'Ukija Dundori, vaa...' Jibu libebe swali mgongoni."

Nikajaribu. Niliongea vizuri, nadhani, kwa sentensi moja. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kitundu cheusi cha kamera, na kitundu hakikunijibu kitu. Nikaishiwa. Ukitoa ushuhuda, watu wanakuitikia. Unapumzika juu ya ile amina, unavuka kwenda neno linalofuata. Simu haiitikii. Ni kama kumsalimia mtu aliyekununia. Nikawaambia hivyo.

"Basi ongea na mimi," alisema mama wa mapazia. Alichukua simu kutoka kwa dada, akaishika kwa mikono miwili chini tu ya kidevu chake, karibu sana hivi kwamba ukimtazama yeye umeitazama kamera. "Mimi sijawahi kwenda Dundori. Nieleze mimi tu. Hao wengine hawapo."

"Lakini usiseme amen," dada alimwonya. "Itasikika."

"Nitatikisa kichwa."

"Na ukianza na mikono yake, panda pole pole hadi usoni. Nawe," akanigeukia, "simu ikipanda, usikimbie."

Sikukimbia. Nilifanya vibaya zaidi. Nilianza kueleza soli, mama akitikisa kichwa kwa nguvu zote, na simu ikaanza kupanda kutoka mikononi mwangu. Na kadiri ilivyopanda, kiatu nacho kikapanda. Simu ikafika kifuani, kiatu kikafika kifuani. Simu ikafika shingoni. Mwishowe nilikuwa nikiongea kwa ufasaha mkubwa nyuma ya raba nyeupe.

"Kata! Kaka yangu amekuwa kiatu!"

Tulirudia. Kiatu kilipanda tena; sikukituma, kilipanda. Mara ya tatu dada alininyang'anya raba akanipa gambuti la mfugaji, zito, ili mkono uchoke. Nikalinyanyua kwa mikono miwili. Mteja mmoja aliyekuwa akitafuta shuka alifunua pazia, akaniona nimejificha nyuma ya gambuti na mwanamke akinitikisia kichwa, akafunga pazia pole pole na kwenda zake.

Hapo ndipo nikaanza kucheka. Si kile kicheko cha aibu cha kuangalia chini. Kicheko kilichotoka tumboni, cha utotoni, cha kuvunja mbavu. Dada naye aliketi juu ya mashuka. Mama wa mapazia alikuwa ameuma ncha ya aproni yake ili asipige kelele, mabega yanaruka, simu inaruka nayo.

"Ukiinua tena," dada alisema akihema, "nakufunga kamba mkono na nguzo, haki ya Mungu."

"Nieleze hilo tope," akasema mama. "Nieleze tu, baba."

Nikamweleza. Niliweka gambuti chini, nikashika kiatu kibaya kwa mkono mmoja na kizuri kwa mwingine, viwiko vimebanwa kiunoni. Nilisema: "Ukija kutembea Dundori, usije na kiatu kama hiki. Soli yake imekuwa laini kama chapati. Tope letu ni jekundu na mvua ikinyesha usiku, asubuhi linakuwa sabuni. Mimi nimeteleza nalo tangu nikiwa mtoto na mzigo wa kuni kichwani, na bado mpaka leo linanishinda nikijifanya najua." Simu ilikuwa imeanza kupanda. Niliiona. Viwiko vikataka kuinuka, nikavibana. Mama alitikisa kichwa, macho yake yamefunguka kama anaona kweli lile tope. "Vaa chenye meno kama hiki. Ukianguka, hatukucheki. Tutakucheka tukifika juu, ambapo wote tumeketi, na Nakuru iko chini yetu, na tuna chai." Nikataja jina langu. Nikasema nilizaliwa kule, kwamba nimezunguka sehemu nyingi na sijaona njia ninayoipenda kama ile, kwamba tutaenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho, na hakuna atakayeachwa nyuma. Kitundu cheusi kilikuwa usawa wa uso wangu na mimi nilikuwa bado natazama macho ya mama. Sikuwa na la kuongeza.

"Usisogee," alinong'ona dada. Alikuwa amenifundisha kutulia kidogo mwishoni, ili pawe na pa kukata. Nikatulia. Halafu, kwa sababu mdomo haujasahau, nikasema, "Mbarikiwe."

"AMEN!" mama akalipuka.

Dada alivaa spika za masikioni, akasikiliza, akakata maswali yake na ile amina, akaacha "mbarikiwe". Alinionyesha. Nilitazama kupitia vidole. Ilikuwa na urefu wa dakika moja na kitu, na mle ndani alikuwemo mwanaume wa makamo mwenye meno mengi kuliko nilivyodhani, na sauti kama ya marehemu baba akiongea na ng'ombe aliyempenda. Nilitaka kurudia. Nilisema nywele, nilisema kola.

"Hurudii," alisema dada. "Ukirudia sasa utaongea kama mtangazaji wa mazishi. Hii ndiyo ya kwanza iliyofika mwisho. Ya kwanza inatumwa, hairembwi."

Akanirudishia simu, lakini kidole cha kubonyeza kilikuwa changu. Kilikaa hewani muda mrefu. Nilifikiria kuhusu Rongai, malori, vumbi la mahindi. Kule hakuna mtu angetaka kuona uso wangu. Kisha nikabonyeza, nikaufunika uso wangu kwa pazia la mama lililokuwa bado na karatasi ya bei ya jumla.

Alhamisi jioni sikuishika simu. Niliizika ndani ya debe la unga na kwenda kutembea. Ijumaa asubuhi niliifukua, nyeupe kama mandazi mabichi, na kulikuwa na ujumbe wa sauti wa yule kiongozi.

"Boss, habari ya asubuhi. Mwenzako ana drone, ana muziki, ameonyesha mlima wote, lakini yeye mwenyewe hatujamwona. Akina mama wanasema wewe wamekuona. Tunakuja kesho. Wameuliza maswali mengi, lakini zaidi wanauliza kama hiyo chai iko na tangawizi."

Nilimpigia mwenye malori nikamwambia hapana. Sijawahi kumwambia mtu hapana nikiwa na furaha namna ile. Nadhani alidhani nimelewa.

Jumamosi gari lao lilisimama pale barabara ya lami inapoisha. Mlango ulifunguliwa na wakaanza kushuka, kofia, vijiti vya kutembelea, chupa za maji, na kila aliyeshuka alinitazama akatabasamu kana kwamba tulisoma pamoja. "Ndiye yeye!" "Niaje, mtu wa matope!" Mama mmoja wa umri wangu aliinua mguu, akanionyesha soli yake, akasubiri. Nilisahau kila neno la kukaribisha nililokuwa nimelipanga. Joto lilinipanda masikioni vile vile kama zamani, na nyuma yangu kulikuwa na ua la michongoma ambalo mtu mwembamba angeweza kuchuchumaa nyuma yake vizuri tu.

Niliinama nikaikagua ile soli. Ilikuwa na meno.

"Hii inafaa," nikamwambia. "Wewe utatembea nami mbele."

Umande ulikuwa bado kwenye majani ya viazi. Tulianza kupanda, na kabla hatujafika kwenye kona ya kwanza mtu aliniuliza mti ule unaitwaje, nami nikamjibu bila kugeuka, nikatembea.